Faili Limefika Tupu: Mhadhiri Anavyolisoma Ombi la Kukusanya Upya

"Shikamoo Dokta. Naomba samahani sana, jana mtandao ulisumbua na kazi yangu ikaenda tupu. Naomba nitume tena. Ahsante."

Wahadhiri wengi wameshapokea ujumbe wa namna hii asubuhi baada ya muda wa kukusanya kazi kupita. Una adabu, ni mfupi, na huenda aliyeuandika hana hila yoyote. Hata hivyo unamweka pabaya. Hautaji kozi wala kazi inayozungumziwa, na hauna faili lililoambatishwa. Kibaya zaidi, umetoa sababu isiyolingana na kile mhadhiri alichokiona. Alilifungua faili, likafunguka bila shida, likaonyesha ukurasa mmoja mweupe. Mtandao ukikatika hauachi alama ya aina hiyo, na mhadhiri anayejua mambo ya kompyuta kidogo tu ataanza kujiuliza kwa nini ameambiwa hivyo.

Kinachoulizwa si kidogo. Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula hubeba alama 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho 60. Kenya mgawanyo wa 30 kwa 70 ni wa kawaida. Insha moja ya alama 15 ikihesabiwa sifuri, mwanafunzi anaingia kwenye mtihani akiwa ameshapoteza sehemu kubwa ya akiba yake. Ndiyo maana inafaa kujua ombi hili husomwaje upande wa pili, na nini ndani ya faili lenyewe kinaweza kumtetea aliyeliandika au kumsuta.

Kwa nini mhadhiri anasita

Mhadhiri hasiti kwa roho mbaya. Faili lisilosomeka ni hila ya zamani ya kununua muda. Mwanafunzi ambaye hajamaliza kazi anachukua picha yoyote kwenye simu, anaibadilisha jina iishie kwa .docx, kisha anaikusanya kabla ya saa ya mwisho. Mfumo unaandika kwamba amekusanya kwa wakati. Mhadhiri akija kuhangaika nalo siku tatu baadaye na kumwambia halifunguki, mwanafunzi anashangaa, anaomba radhi na kutuma kazi aliyoimaliza jana. Mwaka 2009 vyombo vya habari vya Marekani viliandika kuhusu biashara iliyokuwa ikiwauzia wanafunzi mafaili yaliyoharibiwa kwa makusudi, kwa bei isiyofika dola nne.

Kwa hiyo ombi linapofika, maswali ya mhadhiri ni mawili. Je, kazi hii ilikuwapo kabla ya saa ya mwisho? Na je, faili tupu lilifika kwa bahati mbaya au kwa kupangwa? Machozi ya mwanafunzi hayajibu lolote kati ya hayo. Yanajibiwa na mafaili mawili, lile tupu lililokwishakusanywa na lile lenye kazi. Ombi zuri humwonyesha mhadhiri pa kutazama.

Utupu una aina zake

Jambo la kwanza la kutazama ni ukubwa wa faili, kwa sababu kila aina ya utupu ina kipimo chake na chanzo chake.

Faili la Word lililohifadhiwa bila neno hata moja huwa na kilobaiti 11 hadi 13 hivi. Halina maandishi, lakini limebeba mipangilio ya ukurasa, aina za herufi na mitindo. Ukilifungua, linafunguka vizuri na kuonyesha ukurasa mweupe. Maana yake ni kwamba kuna mtu alilihifadhi likiwa hivyo. Mara nyingi ni pacha: mwanafunzi alianza kwa kulipa faili jina, akalifunga, kisha baadaye akafungua ukurasa mwingine mpya na kuandika humo. Mwisho wa kazi ana mafaili mawili, na mkono wake unachagua lile lenye jina analolikumbuka.

Faili la baiti sifuri ni jambo jingine. Hili halina kitu kabisa, hata mipangilio. Linaweza kutokea flashi inapochomolewa wakati kompyuta bado inaandika. Linaweza pia kutokea mtu anapobofya kitufe cha kulia kwenye Windows na kuchagua kutengeneza faili jipya la Word, kwa kuwa kwenye kompyuta nyingi za sasa faili hilo huzaliwa likiwa na sifuri mpaka liandikwe na kuhifadhiwa. Mifumo mingine ya vyuo hulikataa faili la sifuri, mingine hulipokea kimya kimya.

Kuna faili dogo la baiti 162 ambalo wengi hawajawahi kulisikia. Kila unapofungua kazi kwenye Word, programu hutengeneza kando yake faili la muda lenye jina la aliyelifungua, ili mtu mwingine asiliandike kwa wakati huohuo. Jina lake hufanana na la kazi yako, ila herufi mbili za mwanzo hubadilishwa kuwa alama: Insha_Fasihi.docx huwa na mwenzake aitwaye ~$sha_Fasihi.docx. Kwa kawaida Windows hulificha. Lakini ukichomoa flashi wakati kazi bado iko wazi, kisha ukaichomeka kwenye simu, faili hilo linaonekana kama mafaili mengine. Anayekusanya kazi kwa simu usiku, kwa haraka, hulichukua akidhani ndilo lenyewe.

Wa mwisho katika ukoo huu ni mafaili ya njia ya mkato. Wanafunzi wanaotumia kompyuta za steshenari wanakijua kile kirusi cha flashi kinachoficha mafaili halisi na kuweka mahali pake vialama vyenye kilobaiti moja au mbili, vyenye jina lilelile lakini vinavyoishia kwa .lnk. Faili la .gdoc linaloonekana kwenye kompyuta iliyounganishwa na Google Drive nalo ni la jamii hiyo. Ndani yake mna anwani ya kazi tu, na kazi yenyewe iko mbali.

Sasa turudi kwenye mtandao, sababu inayotajwa kuliko zote. Faili la .docx si karatasi moja. Ni kifurushi cha zip kilichobanwa, chenye mafaili kadhaa madogo ndani, na orodha ya yaliyomo huwekwa mwishoni mwa kifurushi. Upakiaji ukikatika katikati, kwa kawaida mfumo hauandiki kwamba umepokea chochote. Na hata kipande kikipokelewa, orodha ile ya mwishoni itakuwa haipo, kwa hiyo Word itagoma kulifungua au italalamika kwamba faili limeharibika. Haitafungua ukurasa mweupe, safi, bila neno. Anayesema mtandao ulifuta maandishi na kuacha ukurasa ametoa maelezo yasiyowezekana, hata kama yeye mwenyewe anayaamini.

Hila ya picha iliyobadilishwa jina nayo hugundulika kwa njia fupi. Ukilifungua faili la .docx kwa Notepad utaona uchafu wa alama zisizosomeka, lakini herufi mbili za mwanzo kabisa ni PK, ambazo ni alama ya mafaili ya zip. Likiharibika katikati, bado huanza kwa PK. Likianza kwa alama nyingine na mbele kidogo likaonyesha JFIF, hiyo ilikuwa picha tangu mwanzo.

Mfano wa Ijumaa usiku

Tumchukue mwanafunzi wa mfano, mwaka wa pili, anayesoma Fasihi Simulizi. Insha ya maneno 2,500 inatakiwa kukusanywa kwenye Moodle Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, kabla ya saa 5:59 usiku. Hana kompyuta, kwa hiyo anaazima laptopu ya mwenzake wa chumbani. Alasiri anafungua Word, anahifadhi ukurasa mtupu kwa jina la Insha_Fasihi.docx, kisha anaitwa kwenye kipindi na kufunga kila kitu. Jioni anafungua Word upya, inamletea ukurasa mpya, naye anaanza kuandika.

Saa 5:12 usiku anahifadhi kwa mara ya mwisho. Ukurasa ule haukuwa na jina, hivyo mara ya kwanza alipouhifadhi Word ilimpendekezea mstari wa kwanza wa insha, naye akakubali bila kuusoma. Kazi yake sasa inaitwa Nafasi ya Methali katika Malezi.docx. Saa 5:31 anaingia Moodle, anatafuta jina analolijua, anapakia Insha_Fasihi.docx na kuona maneno "Submitted for grading". Anakwenda kulala. Jumamosi saa 3 asubuhi analifungua kwa simu na kukuta halina kitu.

Amebakiwa na nini mkononi? Ana faili lenye kazi, na ndani ya faili hilo mna kumbukumbu ambazo Word huziandika yenyewe. Ukichukua nakala ya .docx, ukabadilisha mwisho wake kuwa .zip na kuifungua, utakuta folda iitwayo docProps. Humo mna core.xml, yenye mstari kama huu:

```
<dcterms:modified xsi:type="dcterms:W3CDTF">2025-05-16T20:12:00Z</dcterms:modified>
```

Pembeni yake mna app.xml, yenye hesabu ya dakika ambazo faili lilikuwa wazi na idadi ya maneno:

```
<TotalTime>214</TotalTime>
<Words>2480</Words>
```

Mstari wa saa unahitaji jicho. Herufi Z mwishoni ina maana kwamba saa hiyo ni ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo 20:12 pale ni 23:12 kwetu, yaani saa 5:12 usiku, dakika 47 kabla ya muda wa mwisho. Asiyeongeza saa tatu anaweza kukosea pande zote mbili. Faili lililoandikwa 21:30Z linaonekana limewahi saa ya mwisho ya 23:59, kumbe lilihifadhiwa saa 6:30 usiku, nusu saa baada ya mlango kufungwa.

Si lazima mhadhiri apasue kifurushi. Kwenye Windows inatosha kubofya faili kwa kitufe cha kulia, kuchagua "Properties", kisha "Details". Pale mna "Date last saved", "Total editing time", "Last saved by" na idadi ya maneno, na saa zimeshageuzwa kuwa za kompyuta anayoitumia. Asichanganye "Date last saved" na "Date modified". Ya kwanza husafiri ndani ya faili. Ya pili ni ya kompyuta husika na inaweza kubadilika faili linapopakuliwa kutoka kwenye barua pepe, hivyo haithibitishi lolote.

Hapa mwanafunzi anaweza kujiharibia mwenyewe bila kujua. Akilifungua faili lake Jumamosi, akasahihisha koma moja na kuhifadhi, ile saa 5:12 ya Ijumaa inafutika na mahali pake inakaa saa ya Jumamosi. Shahidi wake mkubwa amepotea. Faili linapaswa kuambatishwa kama lilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia na jina lake la ajabu.

Lipo na jambo la pili. Sehemu ya "Last saved by" itaonyesha jina la mwenye laptopu, si la mwanafunzi huyu. Mhadhiri akikutana na jina la mwanafunzi mwingine wa darasa hilohilo bila kuambiwa, ataanza kuwaza wizi wa kazi. Akiambiwa mapema, ni maelezo ya kawaida tu.

Ombi lenyewe

Haya ndiyo anayoweza kuandika asubuhi ile, kwa barua pepe ya chuo:

"Yah: Ombi la kukusanya upya insha ya Fasihi Simulizi (faili tupu), namba ya usajili …

Shikamoo Dokta,

Mimi ni …, mwaka wa pili, darasa lako la Fasihi Simulizi. Jana Ijumaa saa 5:31 usiku nilikusanya kwenye Moodle faili la Insha_Fasihi.docx. Leo asubuhi nimelifungua nikakuta halina kitu. Nililihifadhi mwanzoni likiwa tupu, kisha nikaandika insha katika faili jingine na kupakia lisilo lenyewe. Kosa ni langu.

Insha nimeiambatisha kama ilivyo. Ilihifadhiwa mara ya mwisho jana saa 5:12 usiku na sijaihifadhi tena tangu hapo. Nilitumia laptopu ya mwenzangu wa chumbani, kwa hiyo jina litakaloonekana ndani ya faili ni lake.

Naomba unifungulie mfumo nikusanye faili hilihili. Ikiwa kanuni ya kozi inataka nikatwe alama za kuchelewa, nitapokea.

Ahsante,
…"

Kichwa cha habari kinafanya kazi kubwa kuliko kinavyoonekana. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 husoma vichwa kwanza, na asipoona kozi na namba ya usajili huenda akaliweka kando mpaka apate nafasi ya kumtafuta mhusika. Shikamoo imesimama mahali pake, lakini haikurudiwa mara tatu wala haikufuatwa na aya ya radhi. Aya ya kwanza inataja faili, saa na kosa, mambo ambayo mhadhiri anaweza kuyalinganisha na mfumo wake kwa kubofya mara mbili. Aya ya pili inatoa ushahidi na kuondoa shaka ya jina kabla haijazaliwa. Ya mwisho inaomba jambo moja.

Jambo hilo ni kufunguliwa mfumo, na limechaguliwa kwa sababu. Wengi huomba kazi ipokelewe kwa barua pepe au WhatsApp na ihesabiwe imefika. Mhadhiri akikubali, anabaki na kazi iliyo nje ya mfumo: haipiti kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi kama Turnitin, haionekani kwa mwenzake wa kuhakiki alama, na mwisho wa muhula inaweza kusahaulika kwenye orodha. Faili lililoambatishwa kwenye barua pepe ni la kuangaliwa. La kusahihishwa linapaswa kupita mlango uleule waliopitia wengine.

Maelezo ya ugonjwa, msiba au umeme kukatika hayakuingizwa, na hayastahili kuingizwa ikiwa siyo yaliyotokea. Mtu akitoa sababu tatu kwa pamoja, mhadhiri huishia kuamini pungufu ya moja. Hata kupitisha ombi kwa kiongozi wa darasa, desturi iliyozoeleka vyuoni, hakufai hapa. Ushahidi uko ndani ya faili, na faili likipita kwenye simu za watu wawili watatu kabla ya kufika, kuna hatari ya kufunguliwa na kuhifadhiwa upya njiani, mbali na kwamba wenzako watakuwa wameshaisoma insha yako.

Upande wa mhadhiri

Moodle ina tarehe mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya. "Due date" ndiyo saa ya mwisho ya kukusanya bila kuhesabiwa umechelewa. "Cut-off date" ndiyo saa ambayo mlango unafungwa kabisa. Mhadhiri anaweza kuweka siku kadhaa kati ya hizo mbili, au asiweke tofauti yoyote, au asiweke ya pili kabisa.

Kama mwanafunzi wetu angegundua kosa saa 5:45 usiku, huenda asingehitaji kuandika ombi. Angebofya "Edit submission", akaondoa faili tupu na kuweka la kweli. Akigundua baada ya saa ya kwanza lakini kabla ya ya pili, kitufe kinaweza kuwa bado kipo, ila mfumo utaandika saa mpya na kuonyesha kwamba amechelewa kwa saa tisa. Hapo atafanya vyema kubadilisha faili kisha kuandika ujumbe, kwa sababu mfumo unaonyesha kuchelewa bila kueleza kwa nini.

Ikiwa mlango umefungwa, mhadhiri ana vitufe viwili. "Grant extension" humwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine. "Revert the submission to draft" huirudisha kazi iliyokwishakabidhiwa iwe rasimu inayoweza kubadilishwa. Kwenye kozi ambazo mwanafunzi hubofya kitufe cha mwisho cha kukabidhi, huenda vyote viwili vikahitajika. Mhadhiri akiongeza muda na kusahau kurudisha rasimu, mwanafunzi atakuta mlango uko wazi lakini kazi imefungwa. Ndiyo maana mwanafunzi akijibiwa "nimekufungulia" aingie mara moja kuthibitisha, asingoje mpaka jioni.

Kabla ya kufungua, mhadhiri makini atapima ushahidi, naye anajua mipaka yake. Saa iliyo ndani ya .docx hutoka kwenye kompyuta iliyotumika. Kompyuta ambayo saa yake imekosewa itaandika uongo bila nia mbaya, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuirudisha nyuma saa hiyo kwa makusudi. Kwa hiyo haitazamwi peke yake. Insha ya maneno 2,480 yenye dakika 214 za kuandikwa inaelekea kuwa ya kweli. Yenye dakika mbili inaonyesha kwamba maandishi yalibandikwa kutoka kwingine. Hata hilo halimtii mtu hatiani, maana wapo wanaoandika kwa simu siku nzima na kuhamishia kwenye laptopu dakika za mwisho. Linampa mhadhiri sababu ya kuuliza ile ya kwanza iko wapi.

Aliyeandika kwenye Google Docs ana shahidi imara zaidi. Humo kila badiliko hutunzwa kwenye "Version history", na saa ni ya seva za Google, wala haibadiliki kwa kugeuza saa ya simu. Barua pepe aliyojitumia mwenyewe saa 5:20 usiku ikiwa na kazi nayo ni ya thamani kwa sababu hiyohiyo, kwamba saa yake imeandikwa na mashine isiyo ya mwanafunzi.

Ushahidi wa saa ukikosekana, ipo njia ya zamani isiyohitaji kompyuta. Mhadhiri anamwita mwanafunzi ofisini na kumuuliza maswali mawili matatu: kwa nini alichagua methali hizi, hoja ya aya ya nne aliitoa wapi, nini alikiacha. Njia hii inaonyesha kama kazi ni yake. Haionyeshi kama aliimaliza Ijumaa au Jumamosi, na hapo mhadhiri hana budi kuamua kwa kanuni.

Kanuni hiyo ndiyo inayokosekana kwenye maelezo mengi ya kozi. Yanataja adhabu ya kuchelewa, yanataja wizi wa maandishi, lakini hayasemi faili tupu linahesabiwaje. Mhadhiri anaachwa aamue kila ombi peke yake, naye kwa kawaida humwonea huruma anayejua kujieleza na kumkatalia mwenye haya. Sentensi mbili zingetosha: faili lisilofunguka au lisilo na maandishi linahesabiwa halijakusanywa, na mwanafunzi ana saa 24 za kuleta faili ambalo kumbukumbu zake zinaonyesha liliandikwa kabla ya muda wa mwisho. Kwa kanuni hiyo mwanafunzi wetu wa Fasihi Simulizi angepita bila kukatwa alama, na mwenye picha iliyobadilishwa jina angekwama hata kama ameandika barua nzuri kuliko zote darasani.

Kwa mwanafunzi, kinga inachukua dakika moja na megabaiti zisizozidi moja za bando. Baada ya kukusanya, bofya jina la faili palepale ndani ya Moodle, lipakue tena, ikiwezekana kwa kifaa kingine, na ulifungue mpaka ukurasa wa mwisho. Kufungua lile lililo kwenye flashi hakutoshi, kwa sababu mhadhiri hatasahihisha la kwenye flashi. Mwanafunzi wetu alikuwa na dakika 28 za kufanya hivyo Ijumaa usiku, na kitufe cha "Edit submission" kilikuwa bado kinamngoja.